Barua ya Wazi kwa Mhariri: Njia Moja, Majina Matatu

Ndugu Mhariri,

YAH: TAHAJIA YA VIBAO VYA UMMA KATIKA JIJI LA MWANZA

Kwa heshima naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Najua nafasi yenyewe ni ndogo na barua yangu ni ndefu, lakini nimeshaandika fupi mbili kwa wahusika na hazikujibiwa. Ya kwanza nilipeleka kwa mkono, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Ya pili nilipokwenda kuiulizia niliambiwa mwenye faili yuko semina. Mara ya tatu sikupeleka barua, nilikwenda mwenyewe, nikajibiwa nitakachokieleza mbele. Ndiyo maana leo naandika kwako, watu wote wasome.

Mimi ni mchoraji wa mabango. Kazi hii nimeifanya Mwanza kwa miaka ishirini na sita, tangu enzi za brashi na rangi ya mafuta mpaka sasa tunapokata stika kwa mashine. Sikusomea Kiswahili chuoni. Ila herufi nimeishi nazo, na kibao kikikosewa huwa najua kilikosewa wapi, kama fundi cherehani anavyoitambua shati iliyokatwa na mwanafunzi.

Njia tunayoishi iko mlimani, kwenye mawe, huko ambako gari haifiki na bodaboda anashusha abiria kwenye kona. Inaitwa Mhola. Wazee waliotangulia kujenga waliipa jina hilo kwa sababu watu wakipishana pale kwenye mteremko walikuwa wakisalimiana, mmoja anauliza, mwingine anaitika “mhola”, yaani salama, amani. Hapa Mwanza hata asiyekuwa Msukuma anaijua salamu hiyo.

Ukiingilia chini utakuta kibao kimeandikwa MHOLA. Ukipanda mpaka juu kwenye tangi la maji utakuta MOLA. Na kwenye milango ya nyumba, vile vibao vidogo vya namba, imeandikwa MUHOLA. Nimevihesabu, viko arobaini na moja. Ni njia ya dakika sita kwa miguu.

Mwezi wa nane shemeji yangu alitoka Ukerewe, akashuka kwenye meli ya Nansio na kiroba cha dagaa. Akamwambia kijana wa bodaboda ampeleke Mhola. Kijana akaandika jina hilo kwenye ramani ya simu, halikuja. Akauliza wenzake, mmoja akamwambia kuna Mola kule juu kwenye tangi. Wakazunguka kwa barabara ya nyuma, wakafika juu, shemeji akasoma kibao akakataa kushuka, akasema yeye hajaja kwa Mola, bado ana watoto wa kulea. Tulicheka sana usiku ule. Ila alilipa shilingi 4,000 kwa safari ya 2,000, na mgonjwa akizungushwa namna hiyo hakuna atakayecheka.

Hoja zangu ni hizi.

1. Makosa ya vibao ni ya aina mbili, na dawa zake ni tofauti.

Aina ya kwanza ni maneno ya Kiswahili cha kila siku. Karibu na soko letu kuna kibao cha umma, cha bati zuri kabisa, kimeandikwa MAHARI PA KUTUPA TAKA. Sasa mahari ni ng'ombe na fedha anazopeleka mwoaji ukweni. Aliyekusudia kuandika mahali ametuambia mahari ya mtaa wetu inatupwa jaani. Hatua chache mbele kuna TAADHALI, kisha TAHADARI, na lile lililo sahihi, tahadhari, halipo kabisa. Chanzo chake hakina siri. Kisukuma kina l, hakina r, na wengi tuliokulia lugha za huku ziwani tunazichanganya herufi hizo mbili mdomoni, kisha mkono unafuata mdomo. Gh, dh na th nazo zilikuja na maneno ya Kiarabu, basi gharama inakuwa garama na dhahabu inakuwa zahabu.

Aina hii hainiumizi kichwa, kwa sababu hakimu yupo. Kamusi ya Kiswahili Sanifu imekuwepo tangu 1981, na BAKITA liliundwa kwa sheria mwaka 1967. Mwenye shaka na neno moja anafungua kurasa mbili, ugomvi umekwisha.

Aina ya pili ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu, nayo ni majina ya mahali. Mhola haimo kwenye kamusi ya Kiswahili. Nyamhongolo haimo, Mhandu haimo, Makoroboi haimo kama jina la mahali. Jina la mahali likikosewa kwenye kibao hakuna pa kulihakiki, kwa hiyo kibao chenyewe kinageuka kuwa kamusi. Karani anayeandika barua ananakili kibao. Anayechora ramani ananakili kibao. Mtoto anayejaza fomu ya shule naye ananakili kibao kilichoko mlangoni kwao. Baada ya miaka mitano kosa lina nyaraka nyingi kuliko jina lenyewe, na ukibisha unaonekana wewe ndiye usiyejua.

Tazama kisiwa cha Saanane, kile unachokiona ukiwa ufukweni katikati ya mji. Jina hilo ni la mtu, Mzee Saanane, mvuvi na mkulima aliyekimiliki kabla ya kuondoka na kupisha bustani ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1964. Tangu 2013 ni hifadhi ya taifa. Lakini watu wanaandika “Saa Nane”, maneno mawili, na nimewasikia kwa masikio yangu wakiwaeleza wageni kwamba zamani mashua ilikuwa ikivuka saa nane mchana. Nafasi moja tu kati ya herufi imemfuta mzee wa watu na kuleta saa ya ukutani.

2. Herufi h ya majina yetu si pambo.

Hapa naomba Mhariri univumilie, kwa sababu ndipo penyewe. Hata cheo chako kina herufi hizi mbili, m na h. Lakini katika “mhariri” kila moja inajitegemea: m inatamkwa peke yake, kisha inakuja ha, m-ha-ri-ri, silabi nne. Katika Kisukuma mh ni sauti moja. Midomo inafungwa kama ya m, ila pumzi inapita puani bila kuunguruma kooni. Mho-la, silabi mbili. Mwombe bibi yeyote wa Magu au Misungwi alitamke, kisha uige ukiwa umeweka kiganja chini ya pua, upepo utauhisi.

Na sauti hiyo inabeba maana. Kwa Kisukuma mhuli ni tembo na mbuli ni mbuzi. Badilisha herufi moja, tembo amekuwa kitoweo.

Basi nilifuatilia jinsi jina la njia yetu lilivyopata sura tatu. Kibao cha chini nilikichora mimi, kwa brashi, zamani, balozi wetu akiwa amesimama nyuma yangu. Kile cha juu kilikuja baadaye, na bahati nzuri aliyekitengeneza ni kijana ninayemfahamu. Akanionyesha oda aliyoletewa. Haikuwa karatasi, ilikuwa ujumbe wa sauti kwenye simu, majina tisa yamesomwa mfululizo na pikipiki zinapita nyuma. Nilisikiliza mara tatu. Anayesoma ni Msukuma, anatamka mhola sawasawa kabisa, lakini ile pumzi ya puani simu imeila. Kinachosikika ni “mola”. Kijana ni mtu wa Tanga, aliandika alichosikia, nami sina la kumlaumu.

Vile vya milangoni vina kisa cha kinyume. Hivyo vilichapwa na mtu aliyeiona h vizuri. Ila aliona m na h zimekaa pamoja, akasema moyoni mwake kwamba haya ni makosa ya watu wa mlimani, akasahihisha. Aliniambia mwenyewe: “Mzee, si ni kama mhogo na muhogo?” Hapana, mwanangu. Mhogo na muhogo ni neno moja la Kiswahili lenye sura mbili, na zote mbili watu wanazijua. Mhola haikuwahi kuwa na u. Kwa hiyo mmoja alikosea kwa kusikia na mwingine alikosea kwa kujua, na wa pili ana madhara makubwa zaidi, kwa sababu faili lake moja la kompyuta lilizaa vibao arobaini na moja kwa mchana mmoja.

3. Mchoraji naye ana dhambi yake, na naiungama.

Miaka mingi nyuma nililetewa bati la upana wa sentimeta 60 niandike NYAMHONGOLO, kibao cha kuelekeza magari. Ukiacha sentimeta tano kila upande, unabaki na hamsini za kuandikia. Jina lina herufi kumi na moja, maana yake nafasi kumi kati yake. Mteja alitaka herufi zisomeke kwa mbali, kila moja iwe na upana wa sentimeta nne. Kumi na moja mara nne ni arobaini na nne, ongeza nafasi kumi za sentimeta mojamoja, hamsini na nne. Haliingii. Nikapiga kamba ya chaki, nikafuta, nikapiga tena. Kisha nikaona h imekaa pale katikati kama abiria asiye na tiketi, nikaishusha. Herufi kumi ni arobaini, nafasi tisa, jumla arobaini na tisa. Likaingia na sentimeta ikabaki.

Nilipaswa kupunguza herufi ziwe sentimeta tatu na nusu: thelathini na nane na nusu, ongeza kumi, arobaini na nane na nusu. Lingeingia lote na hakuna dereva ambaye angeshindwa kulisoma. Lakini nilikuwa na haraka, na mteja alipokuja kuchukua alilipa bila kusoma. Hilo ndilo ninalotaka wasomaji wako walijue: anayepokea kibao huangalia kama rangi imekauka na kama bati limenyooka, maandishi hayasomi. Siku hizi stendi kubwa ya mabasi iko Nyamhongolo na jina hilo limesambaa, na kila nikiona limeandikwa bila h huwa najiuliza kama chanzo ni mkono wangu.

4. Gazeti lako pia.

Sisemi kwa ubaya. Nina toleo lako ambalo ukurasa wa kwanza, chini ya picha, kumeandikwa Nyamongolo, ndani habari ileile inasema Nyamhongolo, na tangazo la zabuni pembeni linasema Nyamhongoro. Sura tatu kwa bei ya gazeti moja. Nimekata vipande hivyo vitatu na nimeviambatanisha na nakala ya barua hii iliyoletwa kwa mkono ofisini kwako.

Sasa niyatangulie majibu, kwa sababu mengine nimeshapewa.

Jibu la kwanza ni kwamba watu wanaelewa tu. Wenyeji wanaelewa, kweli, na wenyeji hawahitaji kibao. Kibao ni cha mgeni, cha fundi wa umeme anayeitwa saa tano usiku, na cha shemeji yangu.

La pili, kwamba hata jina Mwanza wazee wanalitamka Ng'wanza, kwa hiyo majina hubadilika na dunia haijaanguka. Sawa kabisa. Lakini Mwanza imeandikwa namna moja, kuanzia uwanja wa ndege mpaka kwenye tiketi ya basi. Wakazi wa njia yetu wakikaa kesho wakakubaliana iwe Mola, nitashika brashi niandike Mola. Ninachopinga ni njia moja kuwa na majina matatu bila mtu yeyote kukaa na kukubaliana.

La tatu ni bajeti. Hili ndilo nililojibiwa siku ile niliyokwenda mwenyewe. Nikasema basi, kibao cha juu nitakirekebisha bure, rangi yangu, brashi yangu, ngazi naazima kwa jirani. Ofisa aliyenisikiliza akanijibu kwa upole kabisa kwamba kile ni mali ya umma, na nikikigusa nitakuwa nimeharibu mali ya umma. Nikatoka. Mpaka leo sijajua kama alikuwa ananitania.

La nne nalisikia kwa wachoraji wenzangu: tukianza kusahihisha tutasahihisha mji mzima. Sijaomba hivyo. Mama lishe wa pale stendi ameandika WARI NA SATO kwa chaki, na wali wake ni mtamu. Kibao kile ni chake na kinafutika jioni. Kinyozi akitaka kuandika SALUUNI aandike. Nazungumzia vibao vilivyowekwa kwa fedha za wananchi, vinavyotumiwa na wengine kama ushahidi wa jina.

Ninachoomba, Mhariri, kupitia kwako kwa wanaohusika na majina ya mitaa na barabara katika Jiji na jirani zetu wa Ilemela, ni haya.

Kwanza, kila mtaa uwe na orodha moja ya majina ya njia zake, iliyosomwa kwa sauti kwenye mkutano wa mtaa mbele ya wazee wanaoyajua, kisha ikaandikwa kwenye muhtasari na kubandikwa ubaoni ofisini. Vibao vya mitaa na namba za nyumba viliwekwa kwa haraka mwaka 2022 kabla ya Sensa ya 23 Agosti, na haraka hiyo ilikuwa na sababu yake. Sensa imekwisha. Orodha za kuandika kwa kalamu, njia kwa njia, ni kazi ya jioni mbili.

Pili, oda ya kibao cha umma isitolewe kwa ujumbe wa sauti wala kwa mdomo. Itolewe kwa maandishi yaliyonakiliwa kutoka kwenye orodha hiyo, na mchoraji arudishe mchoro kwenye karatasi kwanza. Watu wawili wausome herufi kwa herufi na kuweka sahihi, mmoja wao akiwa mkazi wa hapohapo. Njia rahisi tunayoitumia karakanani ni kulisoma jina kuanzia mwisho kurudi mwanzo, a-l-o-h-m. Ukisoma kawaida jicho linarukia maana na kupita juu ya kosa. Ukisoma kinyumenyume jicho halina pa kurukia, linaiona kila herufi.

Tatu, vibao vilivyokosewa visisubiri mradi mpya. Bati halihitaji kung'olewa. Kibao cha stika kinafunikwa kipande chenye maandishi mapya, cha rangi kinapigwa koti moja na kuandikwa upya, kazi ya asubuhi moja.

Nne, hili ni lako mwenyewe: chumba chako cha habari kiwe na karatasi moja ukutani yenye majina ya kata na mitaa ya Mwanza kama yalivyokubaliwa, na Saanane iwe neno moja.

Kama kuna mwenye mamlaka ya kuniruhusu nipande ngazi pale kwenye tangi bila kushtakiwa, anijulishe kupitia gazeti lako. Nafasi ya h kwenye kibao kile nimeshaipima, ipo. Aliyekitengeneza aliacha sentimeta saba upande wa kushoto.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mchoraji wa mabango,
Njia ya Mhola, Mwanza
(kwenye mlango wangu: Muhola)